Mfereji wa Chini wa Kuoshea Miguu Nyumbani: Kimo Chake, Pa Kukanyaga na Njia ya Maji

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mara nyingi tunaulizwa na familia: mzazi wetu ameshakuwa mkubwa, hawezi tena kuinua mguu, je, afanye nini katika udhu? Wengine huuliza kama anaweza kupangusa tu kwa mkono wenye majimaji. Jawabu la kisheria tutalitaja hapa chini, lakini mara nyingi tukichunguza tunakuta kuwa tatizo halipo kwenye miguu ya mzazi. Lipo kwenye beseni. Nyumba zetu nyingi za siku hizi zina beseni moja tu la kunawia, lililofungwa ukutani kwenye kimo cha sentimita 80 au zaidi, na mtu anatakiwa asimame kwa mguu mmoja juu ya vigae vilivyorowa ili aupandishe wa pili humo.

Haya tunayaandika kwa kuwa yametufika. Mama yetu mzazi aliteleza alfajiri moja akiwa ameinua mguu wa kushoto, akaegemea beseni, likang'oka ukutani, akaangukia mkono. Mkono ulivunjika kwenye kifundo. Alipopona alituambia neno moja: "Mwanangu, mimi sitaki kutayamamu na maji yapo. Nishushieni mfereji." Tukaushusha. Mara ya kwanza tulikosea katika mambo mawili, na makosa hayo tutayaeleza pia, kwani mwenye kujenga leo hana haja ya kuyarejea.

Sheria inataka nini kwenye miguu

Kuosha miguu miwili pamoja na vifundo vyake ni katika nguzo za udhu, na asili yake ni aya ya 6 ya Suratul Maidah. Wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo kuna mambo matatu yanayogusa moja kwa moja jinsi ya kujenga.

La kwanza ni kwamba maji lazima yafike kila mahali: juu ya vifundo, baina ya vidole na hasa kisigino. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliwaona watu wakiosha miguu kwa haraka, akawaonya kwa sauti juu ya adhabu ya Moto kwa visigino visivyofikwa na maji. Mfereji ulio juu huosha sehemu ya mbele ya mguu tu. Kisigino kinabaki nyuma, na mzee ambaye hawezi kuugeuza mguu hajui kama kimerowa au la. Kwa hiyo beseni la chini lazima liache nafasi ya mkono kuzunguka mguu wote. Hii si anasa, ni sehemu ya kusihi kwa udhu wenyewe.

La pili ni kwamba beseni hili ni la kupokea maji na kuyapeleka zake. Si la kujaza na kuchovya miguu. Maji machache, yaani yasiyofika qullatayni, ambayo ni takriban lita 200, yakishatumika katika kuosha kiungo cha faradhi huwa ni mustaamal: yenyewe ni safi, lakini hayamtwahirishi tena mtu mwengine wala kiungo chengine. Mtu akitia mguu wa kulia katika beseni lililojaa kwa nia ya udhu kisha akautoa, maji yale hayaufai tena mguu wa kushoto. Kwa hivyo usiweke kizibo kabisa katika beseni la miguu. Kizibo kikiwepo, siku moja mtu atakitumia. Na kwa upande wa pili, matone yanayorukia nguo kutoka kwenye beseni safi hayana neno, kwa sababu ni maji safi, hata kama hayatwahirishi.

La tatu ni mpangilio. Miguu ni kiungo cha mwisho, na kufuatanisha viungo bila ya kuachia muda mrefu ni sunna kwa kauli tunayoifuata. Mtu anaweza kuosha uso na mikono na kupangusa kichwa kwenye beseni la juu, kisha akapiga hatua mbili tatu mpaka mfereji wa chini, na udhu wake ni sahihi. Hakuna haja ya kuvunja bafu zima kwa ajili ya jambo hili. Mfereji mmoja na beseni moja la chini vinatosha.

Na kwa yule asiyeweza kufika mguu wake hata akiwa amekaa, basi amruhusu mtu mwengine ammiminie na kumsugulia, na nia iwe yake mwenyewe. Kupangusa tu kwa mkono hakutoshi maadamu maji yapo, mguu ni mzima na msaidizi yupo.

Mahali pa kuweka

Mahali pazuri zaidi ni nje ya chumba cha choo: kwenye kibaraza cha ndani, uani karibu na mlango wa jikoni, au kwenye kona ya ukumbi wa nyuma uliokuwa na mfereji wa kufulia. Hapo mtu hutaja jina la Allah bila ya karaha, na sakafu haina shaka ya najisi. Ikiwa nafasi ni ya bafuni tu, basi iwe kona ya mbali na choo, na asiwepo mtu anayepita baina ya choo na beseni la miguu akiwa na nyayo zilizorowa. Udhu wa humo unasihi, na bismillahi mtu aipitishe moyoni au aitamke kabla ya kuingia.

Tazama pia ukuta. Nyumba nyingi za mji wa zamani na za shamba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji kama sifongo na kuyapeleka upande wa pili. Dalili yake ni rangi kububujika na unga mweupe wa chumvi kutoka nje, kwa kawaida chini ya kimo cha goti. Ukiweka mfereji kwenye ukuta kama huo, sehemu ya chini ipigwe plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha vigae, mpaka kimo cha sentimita 60 kutoka sakafuni, na vigae vitoke nje ya beseni kwa sentimita 20 kila upande.

Vipimo

Tuanze na kimo cha mdomo wa mfereji, kwani fundi wengi hukisia. Sisi tulitumia sentimita 35 kutoka sakafu ya ndani ya beseni mpaka mdomo wa mfereji. Mguu wa mtu mzima kutoka wayo hadi juu ya kifundo ni kama sentimita 10, na mkono unaosugua unataka angalau sentimita 10 nyengine za kupita. Kwenye kimo cha sentimita 20 mkono haupiti, na kisigino hakifikiki. Kimo kikizidi 40, maji hupiga mguu kwa kishindo na kurusha matone mpaka kwenye kanzu na sakafu ya nje, na hapo ndipo utelezi unapoanzia.

Mdomo utoke ukutani kwa sentimita 20. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, vidole hugonga ukuta kabla ya maji kuufika mguu. Na mfereji wa chini unaochomoza ni mwiba kwa muundi wa mtu anayepita gizani. Ndiyo maana tunasema uwe konani, na ukingo wa beseni utoke mbali zaidi kuliko mdomo wa mfereji, ili mguu uguse ukingo kabla ya kugonga chuma.

Beseni letu ni la saruji lililojengwa pale pale, lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 60. Miguu miwili hukaa humo bila kubanana, na mkono unazunguka. Ukingo wake una kimo cha sentimita 10. Msijenge ukingo wa sentimita mbili au tatu, kwani huo hauonekani na mzee hujikwaa nao. Wala msijenge wa sentimita 20, kwa sababu mtu atalazimika kuinua mguu, na sisi tulikuwa tunakimbia jambo hilo hilo. Ukingo uwe na rangi tofauti na sakafu. Kigae cheusi juu ya sakafu nyeupe huonekana hata na mwenye mtoto wa jicho.

Mbele ya beseni kuna kiti cha kujengea, chenye kimo cha sentimita 45, kinachoelekea mfereji. Kimo hiki ndicho kinachompa mzee nguvu ya kunyanyuka. Vile vigoda vyetu vya kawaida, vya sentimita 20 au 25, ni rahisi kukalia na vigumu kunyanyukia, na kwa mwenye maumivu ya goti ni mtego. Kwa kuwa kiti kimepanda, baadhi ya watu hawafiki vidole vya miguu bila ya kuinama sana, na kuinama huko kunawapa kizunguzungu. Dawa yake ni jiwe dogo la saruji ndani ya beseni, lenye kimo cha sentimita 12 na upana wa 15, la kuegemezea kisigino. Mguu unapanda, mgongo hauinami, na kwa mfereji wa sentimita 35 bado ipo nafasi ya mkono. Jiwe hilo lisijengewe mbele ya tundu la kutolea maji.

La mwisho katika vipimo ni kishikio. Bomba la chuma la inchi moja lina unene wa nje wa kama milimita 33, na huo ndio unene unaojaa kiganja bila ya kukishinda. Lifungwe upande wa mkono wenye nguvu wa mzee, kwa kulala, kwenye kimo cha sentimita 85 kutoka sakafuni, na liwe mbali na ukuta kwa sentimita 4 tu ili mkono usinase nyuma yake. Hewa ya bahari hula chuma, kwa hiyo ukipata chuma kisichoshika kutu ni bora. Ukikosa, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kila mwaka. Katika ukuta wa mawe na chokaa usitegemee skrubu na plagi za plastiki. Beseni lililomwangusha mama yetu lilikuwa limefungwa kwa plagi za namna hiyo. Miguu ya kishikio ichimbiwe ndani ya ukuta kwa sentimita 15 na kujazwa zege, au ipitishwe boliti mpaka upande wa pili ikiwa na bamba la chuma. Kikishakauka kwa wiki nzima, mtu mzima ajining'inize nacho kwa uzito wake wote. Kikicheza hata kidogo, kirejewe.

Nguvu ya maji na kiasi chake

Wengi wetu tunategemea tangi juu ya paa au juu ya mnara mfupi. Kinachosukuma maji ni urefu kutoka maji ya tangi mpaka mdomo wa mfereji. Tangi likiwa mita 3 juu ya sakafu na bomba la kuogea likiwa kwenye mita 2, linalosukuma bafu ni mita moja tu. Mfereji wa chini unasukumwa na zaidi ya mita 2 na nusu. Kwa hiyo watu hushangaa: bafu linatoa maji dhaifu, lakini mfereji wa miguu unaruka. Tulishangaa na sisi.

Tulipima kwa jagi la lita moja na saa. Mfereji ukifunguliwa wote, jagi lilijaa kwa sekunde 6, yaani lita 10 kwa dakika. Mama anahitaji kama sekunde 45 kuosha miguu yote miwili mara tatu tatu bila ya kuharakishwa. Hiyo ni lita 7 na nusu kwa miguu peke yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (Radhiya Allahu anhu) kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama theluthi mbili hadi robo tatu za lita, kwa udhu mzima.

Tukafunga valvu ndogo kwenye bomba kabla ya mfereji, tukaibana mpaka jagi likajaa kwa sekunde 20, yaani lita 3 kwa dakika. Kwa sekunde zile zile 45 zinatoka lita 2 na robo. Nyumba yetu ina watu sita. Wakitawadha wote kwa kila swala, ni mara 30 kwa siku, na tofauti inazidi kidogo lita 150 kila siku. Hatudai kwamba tumefika kwenye mudi, lakini mwenye tangi la lita 1,000 anajua siku ya saba ya mgao lita 150 zina maana gani.

Chagua mfereji wa kipini, ule unaofunguka kwa robo ya mzunguko, usiwe wa kuzungusha mara nyingi. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kuzungusha, na mzee akishindwa kuufunga atauacha ukichuruzika. Wengine hupenda kuongeza mpira mfupi wenye kichwa cha kunyunyizia ili ufike kisigino. Ni mzuri, lakini uwe na ndoano yake ukutani. Ukiachwa umelala ndani ya beseni maji yakikatika, bomba linaweza kufyonza maji yaliyotumika na kuyarejesha njia ya nyumbani.

Pa kukanyaga

Hatari kubwa haimo ndani ya beseni. Iko kwenye ile hatua ya kwanza ya kutoka, mguu ukiwa umerowa na sakafu ikiwa kavu na kung'aa. Mtu anapokuwa anajua kuwa pameroa hukanyaga kwa tahadhari. Anapodhani ameshatoka, huachia.

Kwa hiyo usitumie vigae vya kung'aa, si ndani ya beseni wala kwa mita moja kuizunguka. Kilicho rahisi zaidi ni saruji iliyopigwa brashi kabla ya kukauka, mistari ikikata njia ya kutembea. Ukitaka vigae, chukua vile vidogo vidogo vya sentimita 5, kwani wingi wa viungio vyake ndio unaoshika wayo. Baadhi ya maboksi ya vigae yana alama ya kukanyagia kwa miguu mitupu: A, B au C. Kwa mahali pa maji chukua B au C. Kama boksi halina alama, mwombe mwenye duka kigae kimoja, kimwagie maji yenye sabuni, kisha kandamiza kwa kisigino kitupu na kusukuma mbele. Kikikwenda bila ya kukataa, mrejeshee.

Ukwaruzo wa namna hii si jambo geni kwetu. Katika magofu ya misikiti ya kale ya pwani, kama vile Gede, karibu na birika la kutawadhia huonekana mawe ya matumbawe yaliyochimbiwa sakafuni ili watu wasugulie nyayo. Wazee walielewa kwamba mguu uliorowa unataka jiwe lenye meno.

Mitalawanda ya mbao, ambayo baadhi ya nyumba bado zinaiweka mlangoni mwa bafu, haifai kwa mzee kwenye saruji iliyorowa. Mbao iliyolowa na kulika upande mmoja huteleza na kupinda kifundo. Zulia la mpira lenye vinyonyeo nalo halishiki kwenye sakafu ya kukwaruza. Hushika kwenye kigae laini tu, na chini yake hujificha utelezi wa kijani. Ni bora sakafu yenyewe iwe na meno, na nje ya ukingo liwekwe taulo nene au kitambaa cha jamvi kinachoanikwa kila siku, mtu akaushe miguu akiwa bado amekaa.

Utelezi wa kijani ndio adui wa pili. Huota pale maji yanapokawia, na saruji ya kukwaruza huukamata zaidi kuliko kigae. Sugua kwa brashi ngumu mara moja kwa wiki, na mara moja kwa mwezi tumia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, kisha suuza mpaka harufu iondoke. Usichanganye kamwe klorini na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Njia ya maji

Hapa ndipo tulipokosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni mteremko. Sakafu ya beseni inataka kushuka kwa kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Kwa beseni la sentimita 60 ni kama sentimita 1 na robo kutoka upande wa kiti mpaka upande wa ukuta. Ikipungua, maji yanakaa. Ikizidi sana, wayo nao unateleza kufuata mteremko. Fundi wetu alipima kwa macho, na mteremko ukaja kinyume, kuelekea kwenye kiti. Kila baada ya udhu palibaki kidimbwi pale pale kisigino kinapokaa, na baada ya wiki mbili pakawa pa kijani. Tulivunja tabaka la juu na kulirejea. Tulipomuuliza, alisema, "Shekhe, kwa jicho lilikuwa sawa." Kwa mteremko mdogo kama huu jicho haliaminiki. Tumia pimamaji au mpira mwembamba unaopenya mwanga uliojazwa maji, kisha kabla saruji haijakauka mimina kikombe kimoja upande wa kiti. Kisipofika chote kwenye tundu, pasawazishwe wakati huo huo.

Tundu la kutolea maji liwe konani kwenye ukuta, lenye kichujio kinachofunguka kwa mkono, na bomba la inchi 2. La inchi moja na robo huziba kwa mchanga wa nyayo, na nyayo zetu zina mchanga kweli kweli. Bomba lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita, kwa hivyo kwa umbali wa mita 4 liwe limeshuka sentimita 10. Chini ya tundu pawe na pindo linalobaki na maji, lenye kina cha sentimita 5, ili harufu na mende visipande. Mkisafiri kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka na nyumba ikanuka. Dawa yake ni kikombe cha maji tu.

Kosa la pili ni pale tulipoyapeleka maji. Tuliyaunganisha na karo la choo, kwa kuwa lilikuwa karibu. Karo likawa linajaa upesi, na gharama ya kulinyonya ikaja mara nyingi zaidi. Maji ya udhu hayana haja ya kwenda huko. Hayana kinyesi wala mafuta, na ni uungwana kutoyachanganya na najisi. Tukachimba shimo la kunywea maji uani, lenye kina cha mita moja na upana wa sentimita 80, tukalijaza mawe makubwa chini na kokoto juu, tukalifunika kwa bamba la zege na udongo. Pembeni yake tukapanda migomba mitatu, ambayo inakunywa sehemu yake.

Kuna masharti mawili ya shimo hili. La kwanza, liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Ardhi yetu nyingi ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na maji hupita humo haraka bila ya kuchujwa. La pili, maji yasisimame wazi. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa kama wiki moja hadi siku kumi, na mbu wa maji machafu ndiye anayeeneza matende na mabusha katika visiwa vyetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi vyoo vya mashimo vilitiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, kwa lengo la kuwanyima mbu hao uso wa maji. Shimo la mawe lililofunikwa halihitaji hata hilo.

Mwenye kiwanja kidogo cha mjini ambaye hana nafasi ya shimo, basi ayapeleke maji kwenye karo, lakini asisahau pindo la maji, na ajue kwamba karo litajaa mapema zaidi.

Wakati wa masika maji ya ardhini hupanda, na shimo hunywa polepole. Dalili yake ni kwamba beseni linachelewa kukauka ilhali kichujio ni kisafi. Likichelewa na kichujio kina mchanga, tatizo ni bomba. Likichelewa na kila kitu ni kisafi, tatizo ni shimo, na migomba peke yake haitoshi mwezi huo. Osheeni miguu kwa kata na ndoo mpaka ardhi inywe.

Na tahadhari moja kuhusu mgao. Watu hufungua mfereji, hawaoni maji, wanauacha wazi. Maji yanarejea usiku wa manane. Beseni la sentimita 60 kwa 60 lenye ukingo wa 10 linabeba lita 36. Tundu likiwa limeziba na mfereji ukitoa lita 10 kwa dakika, linamwagika kabla ya dakika nne kuisha, na mzee anaamka kwa tahajudi akute sakafu ni ziwa. Kwa valvu iliyobanwa kwenye lita 3 mna dakika 12. Kwa hiyo sakafu ya nje ya beseni nayo itie mteremko wa kuelekea mbali na mlango wa chumba cha mzee.

Kwa anayeishi nyumba ya kupanga

Asiyeweza kujenga asikate tamaa. Achukue kiti imara cha sentimita 45 kisichokuwa na magurudumu, beseni pana la plastiki sakafuni, jiwe au tofali lililofunikwa kitambaa ndani yake la kuegemezea kisigino, na birika lenye mdomo mwembamba. Mtoto au mjukuu amiminie, mzee asugue. Lita moja na nusu inatosha miguu miwili mara tatu tatu. Maji yanayojikusanya humo ni safi, yamwagiwe mti, lakini yasirejewe kutawadhia. Na beseni liondolewe na mtu mwengine. Mzee asibebe maji kwenye sakafu iliyorowa.

Mama yetu sasa anakaa kwenye kiti chake alfajiri, anaegemeza kisigino kwenye jiwe, na tunasikia maji yakichuruzika taratibu. Siku ya mwanzo alituita, tukadhani kuna tatizo. Alitaka tu tuone kisigino chake cha kushoto. Alisema hakuwa amekigusa kwa mkono wake kwa miaka miwili.

Twamuomba Allah (Subhanahu wa Taala) azitakabali udhu na swala zetu na za wazee wetu, na awahifadhi na kila maanguko. Wabillahi tawfiq, na Allah ndiye Mjuzi zaidi.